Kumwomba udhuru mwalimu wa Kiarabu bila kumwamsha saa saba usiku

*Swali:* Asalaam aleikum ustadhi. Niko Tanga, najifunza Kiarabu kwa simu na mwalimu wa kiume aliyeko Kairo, huu ni mwezi wa nne. Darsa letu ni kila Jumatatu saa mbili usiku. Jumatatu ya tarehe 8 Disemba mdogo wangu anapokea posa na mimi ndiye mwenye jiko, siwezi kusoma. Nataka nimwombe tusome Alhamisi tarehe 11, saa moja usiku. Sipendi kumwandikia Kiingereza, nataka nitumie hiki Kiarabu chepesi alichonifundisha mwenyewe. Nimeandika hivi, lakini naogopa nisije nikamvunjia heshima:

السلام عليكم يا معلم. تفضل، أريد إلغاء درس يوم الثلاثاء، عندي ضرورة. أنا آسف. أريد الدرس يوم الخميس الساعة الواحدة ليلا.

*Jibu:* Wa aleikum salaam dada yangu, na hongera kwa mdogo wako. Kama hujautuma, ushike kwanza. Heshima ndiyo iliyokutia hofu, lakini heshima ya ujumbe huu inarekebishika kwa maneno mawili matatu. Kinachonitisha mimi ni siku na saa. Ukimtumia ulivyo, Jumatatu mwalimu wako atakaa mbele ya simu akikungoja, kwa sababu darsa ulilolifuta ni la Jumanne, ambalo halipo. Halafu utakuwa umemwomba akufundishe saa saba ya usiku wa kuamkia Alhamisi, watu wote wamelala. Naye kwa adabu zake huenda asikuulize kitu, akabaki kushangaa tu.

Tuanze na siku, maana hapo wanateleza hata waliosoma miaka.

Sisi tunahesabu siku kuanzia Jumamosi. Jumamosi ni mosi, Jumapili ni ya pili, Jumatatu ya tatu, mpaka Jumatano. Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili, ndiyo maana wanaiita الأحد, al-ahad, yaani ile ya kwanza. Jumatatu kwao ni الاثنين, al-ithnain, ya pili. Jumanne ni الثلاثاء, ath-thulathaa, ya tatu. Jumatano ni الأربعاء, al-arbiaa, ya nne. Kwa hiyo ukiisikia "tatu" iliyomo ndani ya Jumatatu ukaenda kuitafuta tatu ya Kiarabu, unaangukia Jumanne. Ndicho kilichokupata: umeandika ath-thulathaa ukidhani umeandika Jumatatu.

Alhamisi hukuikosea, na sababu yake inachekesha kidogo. Jina Alhamisi tumelichukua kwa Waarabu lilivyo, al-khamiis, ya tano. Sisi tayari tulikuwa na Jumatano, nayo ni ya tano kwa hesabu yetu. Basi wiki ya Kiswahili ina tano mbili zinazofuatana, na hakuna anayelalamika. Alhamisi na Ijumaa unaweza kuziandika kama unavyozisikia. Jumamosi ni السبت, as-sabt. Hizo nne za katikati, Jumapili mpaka Jumatano, ndizo za kuandika kwenye karatasi na kubandika ukutani, na kila mara toa moja: Jumatatu ni ithnain, mbili.

Na hata ukishalijua jina la siku, weka na tarehe. "Jumatatu ijayo" hata sisi kwa sisi hugombana nayo, kama ni hii inayokuja au ile ya wiki inayofuata, na القادم ya Kiarabu ina utata huohuo. Andika "يوم الاثنين 8 ديسمبر" na mjadala umekwisha. Faida ya pili ni kwamba ukikosea jina la siku, tarehe itakusaliti mapema: mwalimu ataona Jumanne tarehe 8, atajua kuna kitu hakikai sawa, na atauliza. Jina la mwezi liandike ديسمبر kwa kuwa mwalimu wako ni Mmisri. Angekuwa Msyria au Muiraqi ungesikia majina mengine kabisa ya miezi, na hapo ningekushauri uandike mwezi kwa tarakimu tu.

Sasa saa. Hili ni langu pia. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kumwambia mwalimu wangu wa Kiarabu nitafika الساعة الثانية, as-saa ath-thaaniya, kichwani mwangu ikiwa ni saa mbili asubuhi. Nikafika asubuhi nikakuta mlango umefungwa, nikaondoka nimekasirika. Yeye alifika saa nane mchana, naye akaondoka amekasirika. Tulikutana kesho yake kila mmoja ana kesi.

Saa yetu inaanza jua likichomoza na inaanza tena jua likizama. Zamani na Waarabu walikuwa na saa ya kuhesabu tangu magharibi, kwa hiyo babu zao wangetuelewa vizuri zaidi. Siku hizi wao wanafuata saa inayoanza usiku wa manane na tena adhuhuri, ileile unayoiona kwenye kioo cha simu. Saa moja usiku ya Tanga, simu yako inaandika 19:00 au 7:00. Kiarabu kinasoma kioo cha simu: الساعة السابعة مساءً, as-saa as-saabia masaa-an. Wewe uliandika الواحدة ليلا, ambayo ni 1:00 ya usiku, na hiyo sisi tunaiita saa saba. Kwa hiyo usifasiri kutoka Kiswahili cha mdomoni. Tazama simu, soma tarakimu, ndipo ufasiri tarakimu hiyo.

Neno ليلا nalo liache. Kwetu usiku unaanza giza likiingia, lakini kwa saa moja na saa mbili za usiku neno la kawaida la maandishi ni مساءً, jioni. Mmisri akizungumza utamsikia akisema "saa nane bil-leil" kwa saa mbili yetu, hakuna ubaya. Ila wewe unayejifunza ukiandika مساءً hutakosea kamwe kuanzia jioni mpaka usiku wa kulala. Na jihadhari na ليلة الخميس, "usiku wa Alhamisi". Kwa hesabu ya zamani, ambayo bado iko hai kwa wengi, usiku hutangulia mchana wake, na usiku huo ni ule wa kuamkia Alhamisi. Sisi wenye "usiku wa kuamkia" tunalielewa hilo haraka, lakini kwenye miadi ni mtego wa bure.

Bado hatujamaliza, kwa sababu yuko Kairo. Sisi tupo saa tatu mbele ya saa ya dunia mwaka mzima, hatugeuzi kitu. Misri wakati wa baridi wako saa mbili mbele, kwa hiyo wako nyuma yetu saa moja. Tangu 2023 Wamisri wamerudisha saa za kiangazi: Ijumaa ya mwisho ya Aprili wanasogeza saa mbele, na Alhamisi ya mwisho ya Oktoba ikiisha wanairudisha. Katika miezi hiyo ya katikati saa ya Kairo na ya Tanga ni moja. Ulianza naye kabla ya Oktoba kwisha, kwa hiyo jaribu kukumbuka: bila shaka mwanzoni mwa Novemba kulikuwa na darsa moja la vurugu, mmoja wenu aliingia mapema au akachelewa. Sababu ilikuwa hiyo.

Kwa Disemba basi, saa moja yako ya usiku, yaani 19:00, kwake ni 18:00. Unaandika السادسة مساءً, as-saadisa masaa-an, na unaongeza maneno mawili yanayofunga mlango: بتوقيت القاهرة, bi-tauqiit al-qaahira, kwa saa za Kairo. Tauqiit ni ndugu wa wakati wetu, hutalisahau. Kwa nini saa zake na siyo zako? Wewe ndiye unayeomba, basi usumbufu wa kuhesabu uubebe wewe. Hiyo ni adabu ambayo haihitaji sarufi.

Nije kwenye maneno. Msomaji wa Kiswahili anapoandika Kiarabu ana hazina na ana balaa, na zote mbili zinatoka mahali pamoja: maneno yetu mengi ni yao, ila yalipovuka bahari mengine yalibadilisha kazi.

تفضل uliyoanza nayo ndiyo mama wa "tafadhali" yetu, lakini kwao tafaddal halitumiki kuomba. Anayesema tafaddal anatoa: karibu, chukua, pita, keti, sema. Ukianza ombi lako na tafaddal ni kama umemfungulia mwalimu mlango akitegemea kuna kitu unampa, kisha unamwambia unafuta darsa. Maneno ya kuomba ni لو سمحت, lau samaht, au من فضلك, min fadhlik. Hilo la kwanza ni jamaa wa "samahani", na lina maana ya "ukiniruhusu". Katika ujumbe niliokuandalia hutalihitaji hata moja, kwa sababu ombi litakuja kwa sura ya swali, na swali lina upole wake.

يا معلم, ewe mwalimu. Kwetu hakuna jina lenye heshima zaidi ya mwalimu, na limetoka hapohapo. Lakini ukiwa Kairo, "maalim" ni bosi wa bucha, mwenye mkahawa, fundi mkuu wa gereji. Si tusi, wala mwalimu wako hatakasirika, pengine atacheka kimoyomoyo. Mwite أستاذ, ustaadh, pamoja na jina lake la kwanza: ustaadh fulani. Angekuwa mwanamke ungeandika أستاذة, ustaadha. Na pale ambapo ungesema "wewe", Wamisri wana neno حضرتك, hadhratak, ambalo kazi yake ni kama ile ya mtu wa pwani anapomsemesha mkubwa wake kwa kukwepa kumnyooshea kidole. Kwa mwalimu ambaye hamjazoeana kiasi cha kutaniana, hadhratak ni lazima. Lina faida nyingine: maandishi yake ni yaleyale kwa mwanamume na mwanamke, irabu ya mwisho tu ndiyo inayobadilika kwenye kusoma.

عندي ضرورة, nina dharura. Hapa tuna mambo mawili. Kwanza, dharuura ya Kiarabu ni ulazima, jambo lisilo budi. Kile tunachokiita dharura, kitu cha ghafla, wao wanakiita ظرف طارئ, dharf taari. Pili, posa ya mdogo wako si dharura kwa lugha yoyote! Ukiandika hata ظرف عائلي, dharf aaili, jambo la kifamilia, mwalimu atadhani kuna mgonjwa au msiba, na atakuuliza "kheri in shaa Allah?" kwa wasiwasi wa kweli. Kwa jambo la furaha andika مناسبة عائلية, munaasaba aailiyya, shughuli ya kifamilia. Hiyo aaila ndani yake ndiyo "aila" ya watu wa pwani. Ukweli unakuwa umetimia, hujamtisha mtu, na hulazimiki kueleza nani anaolewa na nani. Maneno mawili ya sababu yanatosha. Wanafunzi wengi huandika sababu ya aya nzima wakidhani ndiyo adabu, kisha mistari minne ya nahau ngumu inamficha mwalimu lile analolitaka: lini.

أريد, nataka. Hili wala si la kufundishwa Mswahili. Kama ambavyo huwezi kwenda kwa mkubwa ukasema "nataka" ukaacha kusema "naomba", ndivyo أريد mara mbili kwenye ujumbe mfupi inavyosikika kavu. Halikatazwi, lakini halipendezi mtu anapoomba hisani.

Na إلغاء, ilghaa, ni kufuta. Fikiri unachokitaka hasa. Hufuti, unahamisha. Neno la kuhamisha darsa mbele ni تأجيل, taajiil. Tofauti hii ina pesa ndani yake: darsa lililofutwa, mwalimu anahesabu hana kipato cha saa hiyo, lililoahirishwa, kipato kipo, kimesogea. Usijaribiwe kulitumia tamko linalofanana na "ahirisha" yetu, yaani أؤخر au أتأخر. Mwalimu akiona أتأخر ataelewa utachelewa kuingia, atakungoja dakika kumi, ishirini, mpaka chai yake ipoe.

Lililobaki ni أنا آسف. Hilo ni kosa la mwanamke kunakili sentensi ya mwanamume kutoka kitabuni, nimelisahihisha mara nyingi mpaka nimechoka. Aasif husema mwanamume, mwanamke ni آسفة, aasifa. Lakini nina njia bora zaidi kwako: أعتذر, aatadhir, naomba udhuru. Ni kitendo cha nafsi ya kwanza, hakina jinsia, hakikosewi, na mzizi wake ni ule wa udhuru unaoujua. Tena kina uzito unaostahili. Saamihni, "nisamehe", ni kizito kidogo kwa jambo la kusogeza darsa, na maalesh, ambayo utaisikia kila dakika kwa Wamisri, ina tatizo la kinyume: ni neno la kupoza, "haidhuru", na linapendeza zaidi likitoka kwa yule aliyekosewa. Mwenye kosa akilianza yeye huonekana amejisamehe mwenyewe.

Haya, ujumbe wenyewe. Badala ya nukta tatu weka jina lake:

السلام عليكم ورحمة الله

أستاذ ...، كيف حال حضرتك؟

أعتذر، لن أستطيع حضور درس يوم الاثنين 8 ديسمبر بسبب مناسبة عائلية.

هل يمكن تأجيله إلى يوم الخميس 11 ديسمبر، الساعة السادسة مساءً بتوقيت القاهرة؟

وإن كان هذا الموعد لا يناسب حضرتك، فما رأيك في يوم السبت في الساعة نفسها؟

شكرًا جزيلًا.

Usome kwa sauti kabla ya kuutuma, ili ukikutana naye Alhamisi akakuuliza usigugumize. Mstari wa tatu unasomeka: aatadhir, lan astatii hudhuura darsi yaumil-ithnain, thamaaniya disambir, bi-sababi munaasaba aailiyya. Maana yake: naomba udhuru, sitaweza kuhudhuria darsa la siku ya Jumatatu, 8 Disemba, kwa sababu ya shughuli ya kifamilia. Hudhuur unaiona mwenyewe, ndiyo kuhudhuria. Lan ni kukanusha kwa wakati ujao, "sita-". Angalia isikuponyoke ukaandika لم, lam, ambayo inakanusha yaliyopita, ukawa umemwambia hukuweza kuhudhuria darsa ambalo bado halijafika.

Mstari wa nne: hal yumkin taajiiluhu ilaa yaumil-khamiis, ahada ashara disambir, as-saa as-saadisa masaa-an bi-tauqiitil-qaahira? Je, yawezekana kuliahirisha hadi Alhamisi, 11 Disemba, saa kumi na mbili jioni kwa saa za Kairo? Hiyo hal yumkin ndiyo inayobeba adabu yote. Hujasema unataka, hujasema naye afanye nini, umeuliza kama jambo lina nafasi.

Mstari wa tano una kitu kimoja cha kukionea fahari: wa in kaana haadhal-mauid laa yunaasibu hadhratak, fa-maa rayuka fii yaumis-sabt fis-saati nafsihaa? Na kama miadi hii haikufai, waonaje Jumamosi saa hiyohiyo? Mauid ndiyo miadi yetu. Kama mstari huu ni mrefu kwako, ukate kabisa, ujumbe hautapungua heshima. Ila nakusihi uuache kwa sababu ya kiutendaji. Ukitoa siku moja tu, mwalimu asiyeweza hujikuta analazimika kukukatalia, na Mmisri mwenye haya hapendi kukataa. Atajibu kwa mafumbo na wewe hutaelewa. Ukitoa mbili, anachagua. Ukitoa tano unakuwa umemwachia kazi ya kupanga ratiba yako. Mbili.

Utaona sikuweka in shaa Allah. Ukitaka, iweke mwishoni mwa mstari wa nne, inakaa vizuri. Ila iandike kwa maneno matatu, إن شاء الله. Ukiyaunganisha ya kwanza mawili inakuwa insha, na hiyo kwao kama kwetu ni ile inayoandikwa shuleni.

Kuna watakaokuambia mwalimu wa Kairo aandikiwe Kimisri cha mtaani. Kingekuwa hivi: مش هقدر أحضر حصة يوم الاتنين، ينفع نخليها الخميس؟ Ni kifupi, ni kitamu, na hiyo hissa yao ya "kipindi" ndiyo hisa yetu ya mgawo. Mimi nisingekushauri kwa sasa. Umesoma miezi minne ya fus'ha, yaani Kiarabu sanifu, sentensi moja ya mtaani katikati ya fus'ha inakaa kama kiraka, na usipojua irabu zake huwezi kuisoma ukiulizwa. Kiarabu sanifu chepesi hakimchukizi mtu yeyote, kinaonekana tu cha kirasmi kidogo, na urasmi kwa mwalimu hauna hasara. Kimisri utakihitaji kwenye kusoma jibu lake, kwa sababu yeye huenda asijibu kwa fus'ha.

Na majibu yenyewe si mengi. تمام, tamaam, ni sawa, imekubalika. ماشي, maashi, vilevile. ولا يهمك, wala yehimmak, ni "usijali kabisa", na kwa kuwa wewe ni mwanamke kwenye matamshi itakuwa yehimmik. ألف مبروك, alf mabruuk, ni pongezi ya shughuli yako, mjibu الله يبارك فيك, Allaah yubaarik fiik. Ukiona مش هينفع, mish hayinfaa, au للأسف, lil-asaf, jua siku hiyo haiwezekani. خليها السبت, khalliiha s-sabt, ni "iwe Jumamosi". Akijibu إن شاء الله peke yake, bila kutaja siku, usihesabu kama amekubali wala amekataa.

Tazama pia tarakimu zake. Wamisri wengi huandika ٥ kwa tano, na jicho letu linaiona sifuri. Sita yao ni ٦, ukiitazama haraka utadhani saba. Akikuandikia الساعة ٦, ni sita, 18:00, na wewe Tanga unakaa mbele ya simu saa moja usiku.

Jibu lolote litakalokuja, mrudishie mstari mmoja wa kuthibitisha wenye siku na saa: تمام، موعدنا يوم الخميس الساعة السادسة مساءً بتوقيت القاهرة. Tamaam, mauidunaa yaumal-khamiis as-saa as-saadisa masaa-an bi-tauqiitil-qaahira. Kama kuna aliyeelewa vibaya, hapa ndipo atakaposhtuka, na bado kuna muda.

Utume leo, usingoje Jumapili usiku. Walimu wengi wa mtandaoni wanataka taarifa saa 24 kabla, na wengine darsa lililofutwa ndani ya muda huo wanalihesabu kama limesomwa. Tazama mlichokubaliana mwanzo. Na kama mnasoma kupitia tovuti au programu yenye kitufe cha kubadilisha miadi, ujumbe peke yake haubadilishi kitu kwenye kalenda yao. Andika ujumbe kwanza, akikubali ndipo mbadilishe humo, vinginevyo mfumo unaweza kukata pesa yako huku ninyi wawili mmeshaelewana vizuri.

Ujumbe huu unafaa kwa darsa moja, mara moja. Ikiwa hii ni mara ya tatu ndani ya miezi hii minne, au kuna malipo hamjaelewana, usiyatatue kwa Kiarabu cha miezi minne. Mwambie kwa sauti mwanzoni mwa darsa, kwa lugha yoyote mnayoielewa wote wawili, hata kama nusu ni Kiingereza usichokipenda. Na ukitaka mtu akupitie ujumbe kabla haujaondoka, hapo Tanga hukosi ustadhi wa madrasa. Mpelekee simu ausome. Ila mwambie mapema kwamba ni mwalimu wa Kairo na ni jambo la kusogeza darsa tu, maana baadhi yetu tukipewa nafasi tunaanza na hamdala na utangulizi wa hotuba, na mwalimu wako atashuka chini ya ujumbe akitafuta ni lini.